Kabichi zisizofunga: kisa cha ankara ya mbegu na kifungu kilichokataliwa na majaji

Mwezi Desemba mwaka 1973 kampuni ya wakulima wa East Lothian, mashariki ya Uskoti, iliagiza ratili 30 za mbegu za kabichi, yaani kilo 13 na ushei, kwa muuzaji wa mbegu waliyekuwa wakinunua kwake kwa miaka mingi. Mbegu waliyoitaka ilikuwa ya kabichi nyeupe ya majira ya baridi, ile inayochelewa kukomaa na kuingia sokoni wakati mboga nyingine zimekwisha shambani na bei imepanda. Bei ya mbegu zote ilikuwa takriban pauni 200. Mzigo ulifika mapema mwaka 1974, ukapandwa katika ekari 63, na kwa mtu aliyezitia kiganjani mbegu zile zilikuwa mbegu za kabichi kama nyingine yoyote, kwa kuwa mbegu hiyo ni chembe ndogo nyeusi ambayo hata mkulima mzoefu hawezi kuitambua aina yake kwa macho.

Baada ya miezi kadhaa shamba lilikuwa limejaa majani ya kijani yaliyotawanyika. Kabichi hazikufunga, na kila mkulima anajua kwamba kabichi isiyofunga haina soko. Ilibainika kwamba zilizoletwa zilikuwa za aina ya vuli, tena za ubora duni. Mazao yote yakarudishwa ardhini kwa plau. Hasara ilihesabiwa kuwa pauni 61,513, zaidi ya mara mia tatu ya bei ya mbegu, na riba ilipoongezwa dai lilikaribia pauni 100,000.

Muuzaji hakukana kwamba alileta mbegu zisizo sahihi. Alichofanya ni kuonyesha masharti yake ya mauzo, yaliyochapwa nyuma ya ankara. Kwa ufupi, masharti hayo yalisema kwamba ikiwa mbegu hazitalingana na mkataba, kampuni itazibadilisha bure au itarudisha fedha zilizolipwa, kwa hiari yake yenyewe. Kwamba hapo ndipo mwisho wa wajibu wake. Na kwamba inajiondolea dhima yote ya hasara itokanayo na matumizi ya mbegu hizo. Kisha yakaja maneno ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyoandikwa kwa ustadi kuliko yote: kwamba bei ya mbegu imepangwa kwa kuzingatia ukomo huo wa dhima, na kama kampuni ingelazimika kubeba zaidi, bei ingekuwa kubwa zaidi. Muuzaji, basi, alikuwa tayari kurudisha pauni 200 na kuhesabu shauri limekwisha.

Hiki ndicho kisa cha George Mitchell (Chesterhall) Ltd dhidi ya Finney Lock Seeds Ltd, kilichokwisha mwaka 1983 katika Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Wakulima walishinda katika kila ngazi, lakini sababu za kushinda kwao zilibadilika kutoka ngazi moja hadi nyingine, na kubadilika huko ndiko kunakokifanya kisa hiki kistahili kusomwa polepole. Wengi hudhani kwamba kifungu cha kujiondolea dhima huanguka mahakamani kwa sababu kiliandikwa kwa herufi ndogo au kwa sababu mteja hakukisoma. Katika kisa hiki wakulima hawakukisoma, herufi zilikuwa ndogo, na hayo yote hayakuwasaidia hata kidogo.

Mahakama inayofuata sheria ya kimila ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, hukipitisha kifungu cha namna hii katika malango mawili. La kwanza ni swali la kama kifungu kiliingia kabisa katika mkataba. Tikiti, risiti au ankara iliyotolewa baada ya watu kukubaliana imechelewa, kwa sababu makubaliano yaliyokwisha kufungwa hayawezi kuongezewa sharti na upande mmoja. Mwaka 1949 hoteli moja ya London ilishindwa kujikinga kwa tangazo lililobandikwa chumbani likisema haiwajibiki kwa mali iliyopotea, kwa kuwa mgeni aliliona baada ya kulipa na kujiandikisha mapokezini. Mwaka 1971 mwenye maegesho ya magari alishindwa vivyo hivyo: mashine ilitoa tikiti iliyorejelea masharti yaliyobandikwa ndani, na majaji wakauliza ni dereva gani atakayejadiliana na mashine akiwa amekwisha kufika langoni na gari lake. Katika kisa hicho Jaji Denning alirudia kauli yake ya zamani, kwamba kadiri sharti linavyokuwa kali ndivyo linavyotakiwa kuonyeshwa kwa uwazi zaidi, na kwamba mengine yangepaswa kuchapwa kwa wino mwekundu pamoja na mkono mwekundu unaoyaelekezea kidole.

Kwa wakulima wa East Lothian lango hili halikuwa na kizuizi. Ni kweli kwamba agizo lilitangulia na ankara ikafuata, na mtu asiyejua zaidi angesema hapo hapo kwamba sharti limechelewa. Lakini pande hizi mbili zilikuwa zimefanya biashara kwa miaka mingi, masharti yaleyale yalikuwa nyuma ya katalogi na nyuma ya ankara ya kila mwaka, na wakulima walijua kwamba wauzaji wa mbegu wote huuza kwa masharti fulani, hata kama hawakuwahi kugeuza karatasi na kuyasoma. Mazoea ya namna hiyo huliingiza sharti katika mkataba. Anayenunua mara moja katika maisha yake yuko mahali pazuri zaidi kisheria kuliko mteja wa kudumu mwenye faili zima la ankara kabatini, na jambo hilo huwashangaza wateja wa kudumu kila ninapowaeleza.

Lango la pili ni la tafsiri: je, maneno ya kifungu, yakisomwa vizuri, yanaligusa tukio lililotokea? Hapa ndipo majaji wa zamani walipofanyia kazi yao kubwa. Kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyowaruhusu kukikataa kifungu kwa sababu tu ni cha kionevu, walikisoma kwa ukali, wakitafuta tundu lolote. Utata ulisomwa dhidi ya aliyeandika. Kifungu kisichotaja uzembe kilisemwa hakifuniki uzembe. Na ikazuka nadharia kwamba mtu aliyevunja kiini chenyewe cha mkataba hawezi kujificha nyuma ya sharti lolote la mkataba huohuo: aliyeahidi maharagwe akaleta kunde hakutekeleza mkataba vibaya, bali hakuutekeleza kabisa.

Jaji wa kwanza aliyesikiliza kesi ya kabichi, Jaji Parker, alipita njia hiyo. Alisema kilicholetwa hakikuwa mbegu za kabichi kwa maana ya kibiashara, na kwa kuwa kifungu kilihusu mbegu zilizouzwa, hakikuwa na la kusema juu ya kitu kingine. Katika Mahakama ya Rufaa Jaji Oliver alielekea hukohuko, naye Jaji Kerr akaona kwamba maneno ya kifungu hayakufika kiasi cha kufunika kosa lililotokana na uzembe wa muuzaji mwenyewe. Jaji Denning, katika moja ya hukumu zake za mwisho kabla ya kustaafu, hakukubali mchezo huo wa maneno. Alieleza jinsi enzi za ujana wake uwakilini zilivyotawaliwa na ibada ya uhuru wa kuingia mikataba, uhuru ambao kwa kweli ulikuwa wa kampuni kubwa kuamuru na wa mtu mdogo kukubali au kuondoka, na jinsi majaji walivyolazimika kuyapindisha maneno ili kuwaokoa wanyonge bila kukiri wanachokifanya. Sasa, alisema, hakuna haja tena. Kifungu kinalifunika tukio hili waziwazi. Swali lililobaki ni kama ni haki kukiruhusu kifanye kazi.

Baraza la Malodi lilimuunga mkono katika hilo. Lodi Bridge, aliyeandika uamuzi uliokubaliwa na wenzake wote, alisema kwamba mbegu za aina isiyo sahihi bado ni mbegu, na kwamba kusoma maneno “mbegu zilizouzwa” kwa namna nyingine ni kurudisha kwa mlango wa nyuma ile nadharia ya uvunjaji wa kiini, ambayo Baraza hilohilo lilikuwa limeizika miaka mitatu tu kabla, katika kesi ya mwaka 1980 ya mlinzi wa kampuni ya Securicor aliyewasha moto ndani ya kiwanda alichopewa kukilinda. Hata kiwanda kilipoteketea, kifungu cha kampuni ya ulinzi kiliheshimiwa kwa sababu maneno yake yalikuwa wazi na waliokubaliana walikuwa wafanyabiashara kwa wafanyabiashara.

Kwa hiyo kifungu cha muuzaji wa mbegu kilikuwa kimepita malango yote mawili ya sheria ya kimila bila kukwaruzwa. Kama kisa hiki kingetokea kabla ya 1973, wakulima wangerudi nyumbani na pauni zao 200. Kilichowaokoa kilikuwa lango la tatu, ambalo halikujengwa na majaji bali na Bunge. Sheria ya mwaka 1973 kuhusu masharti yanayochukuliwa kuwamo katika mauzo ya bidhaa ilisema kwamba katika mauzo kwa mlaji wa kawaida kifungu kinachoondoa dhima ya bidhaa mbovu ni batili moja kwa moja, na katika mauzo baina ya wafanyabiashara kifungu hicho hakitafanya kazi kwa kiasi kitakachoonekana kwamba si haki wala si busara kuruhusu kitegemewe. Mkataba wa kabichi ulifungwa wakati sheria hiyo ikitumika, kabla ya sheria pana zaidi ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki. Tofauti moja ya sheria hizi mbili si ndogo. Ile ya 1977 inauliza kama sharti lilikuwa la busara siku mkataba ulipofungwa. Ile ya 1973 iliuliza kama ni haki kulitegemea, na kwa hiyo ilimruhusu jaji kutazama pia yaliyotokea baadaye.

Hapo ndipo ushahidi ulipoanza kufanya kazi yake. Mizani haikuelemea upande mmoja tangu mwanzo. Kwa faida ya muuzaji, masharti ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida katika biashara yote ya mbegu kwa miaka mingi, na chama cha kitaifa cha wakulima hakikuwahi kuyapinga. Kwa hasara yake, masharti hayo hayakuwahi kujadiliwa baina ya wawakilishi wa wakulima na wa wauzaji; yalibandikwa tu, na mkulima aliyeyakataa asingepata muuzaji mwingine anayeuza bila masharti hayo. Kwa hoja hizo pekee jaji angeweza kwenda upande wowote.

Mambo mawili yaliongeza uzito. La kwanza ni chanzo cha kosa: mbegu zisizo sahihi zilitoka kwa kampuni ndugu ya muuzaji, na zilitoka kwa uzembe. Mkulima hakuwa na namna ya kuligundua kosa hilo kabla ya shamba lenyewe kumwambia, ilhali aliyefunga magunia alikuwa na kila namna. La pili ni bima. Tukumbuke yale maneno ya mwisho ya kifungu, kwamba bei ingepanda sana kama dhima ingekuwa pana. Ushahidi ulionyesha kwamba wauzaji wangeweza kukata bima dhidi ya hasara ya kuleta aina isiyo sahihi bila kupandisha bei ya mbegu kwa kiasi cha maana. Maneno yale yalikuwa ndiyo utetezi mzuri kuliko wote ambao kifungu kilijiandikia, na yakageuka kuwa madai yaliyoweza kupimwa, yakapimwa, yakaonekana si kweli.

Lakini lililoamua kesi, na Lodi Bridge alilisema wazi, lilitoka vinywani mwa mashahidi wa muuzaji mwenyewe. Walipoulizwa jinsi madai ya wakulima hushughulikiwa, walieleza kwamba desturi yao, pale walipoona dai ni la kweli na lina msingi, ilikuwa kukaa na mkulima na kupatana kwa kiasi kinachozidi bei ya mbegu. Hata katika kisa hiki walikuwa wamejaribu kupatana, mazungumzo yakashindikana. Fikiri maana yake. Kama wauzaji wangeamini kwamba kifungu ni cha haki, wangemwonyesha kila mdai nyuma ya ankara na kufunga mlango. Kwa kulipa zaidi mara kwa mara walikuwa wakikiri, kwa matendo, kwamba si haki kukitegemea kifungu hicho dhidi ya mkulima mwenye dai la kweli. Walikiweka tu akiba kwa ajili ya yule ambaye hawakuelewana naye. Baada ya ushahidi huo, Lodi Bridge hakuona ugumu.

Kuna kejeli katika hoja hii ambayo mawakili wa kampuni hawajaacha kuilalamikia: muuzaji aliye mwungwana, anayelipa kidogo kidogo, huonekana kudhoofisha kifungu chake, na yule mwenye moyo mgumu asiyelipa hata senti hubaki na kifungu kisicho na doa. Nadhani lalamiko hilo lina ukweli wa nusu tu. Kutolipa kabisa kungemwondolea hakimu ushahidi mmoja, lakini uzembe na bima vingebaki palepale. Hata hivyo ndiyo sababu barua za kampuni za kulipa malalamiko huanza na maneno ya tahadhari kwamba malipo ni ya hisani na hayakiri dhima yoyote. Baraza liliongeza pia onyo kwa wanaopenda kukata rufaa: uamuzi wa kama sharti ni la busara ni wa kupima, majaji wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, na mahakama ya juu isiuguse ila jaji wa chini awe amekosea dhahiri. Kesi hizi, kwa maneno mengine, mtu huzishinda au hushindwa pale mashahidi wanapohojiwa.

Huku kwetu kisa hiki hunukuliwa mara nyingi kuliko kinavyostahili, na hunukuliwa vibaya. Sheria ya Mikataba ya Kenya, katika kifungu chake cha pili, inaingiza sheria ya kimila ya Kiingereza kuhusu mikataba, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa imejengwa juu ya ile ya Kiingereza ya mwaka 1893. Malango mawili ya kwanza, basi, tunayo. Lango la tatu, lile la 1973 na 1977, ni sheria ya Bunge la Uingereza, na halikuja pamoja na mizigo mingine. Kenya ina Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 46 inampa mlaji haki ya fidia kwa hasara itokanayo na bidhaa mbovu, na ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Lakini mkulima anayenunua mbegu ili auze mazao atarajie kwamba upande wa pili utasimama na kusema huyu si mlaji, ni mfanyabiashara. Wakili anayesoma Mitchell na kumwambia hakimu kwamba kifungu “si cha busara” bila kuonyesha ni sheria gani ya hapa inayompa hakimu kipimo hicho, amerukia lango ambalo huenda halipo.

Niliwahi kuletewa ankara ya duka la pembejeo na mzee mmoja ambaye nyanya zake zilitoka za aina nyingine kabisa, ndogo na laini, zisizostahimili safari ya kwenda sokoni. Aliiweka mezani ikiwa imekunjwa mara nne. Nyuma yake palikuwa na mistari sita ya kijivu, hafifu kiasi kwamba nilisogea dirishani kuisoma: bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na duka haliwajibiki kwa mavuno. Akaniuliza, “Mwanangu, si hapa ndipo waliponimaliza?”

Nikamuuliza alipewa karatasi hii lini.

“Nilipokwisha kulipa. Kijana aliichana kwenye kitabu, akaiweka ndani ya mfuko pamoja na pakiti.”

“Na uliwahi kununua pale kabla ya siku hiyo, mzee?”

“Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Duka langu la siku zote lilikuwa limefungwa, palikuwa na msiba.”

Majibu hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko hoja yoyote kuhusu busara ya kifungu. Sharti lilifika likiwa limechelewa, kama lile tangazo la chumba cha hoteli, na hapakuwa na mazoea ya biashara ya kulifunga nyuma. Nilimwomba pakiti tupu, kwa kuwa namba ya fungu la mbegu huchapwa juu yake na ndiyo inayounganisha shamba na aliyefungasha. Kwa bahati mkewe alikuwa ameitumia kuhifadhia mbegu za maboga. Tukaandika barua ya madai ya ukurasa mmoja, na ndani yake hatukulitaja neno haki. Tulitaja tarehe, saa ya malipo kama ilivyokuwa kwenye ujumbe wa simu, na swali moja: karatasi hii ilitolewa kabla au baada ya ujumbe huo?